Picha ya ubao wa kliniki: mng'ao, picha ya pembeni, na dozi ya mtoto

Leo siongelei homa wala uji. Naongelea ile picha unayopiga mkimaliza kikao cha kina mama pale kliniki, ya ubao mweupe, halafu unaitupia kwenye grupu la WhatsApp unasema "kwa ambao hamkuja". Inbox yangu imejaa hizo picha. Nyingine nzuri kabisa. Nyingine ukiikuza unaona kidimbwi cha mwanga katikati na maandishi yaliyolala kama mgomba uliopigwa na upepo, na mtu anakuuliza, "Nesi, hapa panasomekaje?"

Mimi ningependa usomeke, kwa sababu ubao wa kliniki sio ubao wa kikoba. Kikoba ukikosea mstari mtagombana kidogo, mtahesabu upya. Huku kuna dozi.

Nikupe mfano mmoja tu, tutembee nao mpaka mwisho. Mvua zilipoanza, nesi mwenzangu alikaa na kina mama kuongelea kuharisha. Akachora jedwali, safu tatu: umri wa mtoto, zinki, na ORS. Zinki ni vile vidonge vya miligramu 20. Mstari wa kwanza aliandika: chini ya miezi 6, nusu kidonge kwa siku, siku 10. Mstari wa pili: miezi 6 hadi miaka 2, kidonge 1 kwa siku, siku 10. Wa tatu: miaka 2 hadi 5, kidonge 1, siku 10. Safu ya ORS akaandika kiasi cha kumpa mtoto kila anapoharisha: mistari miwili ya juu robo kikombe mpaka nusu, mstari wa chini nusu mpaka kikombe kizima. Chini kabisa: pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi na salama, ikipita siku moja mwaga, changanya nyingine. Ubao mzuri, mwandiko unasomeka. Nusu yenyewe kaiandika kwa tarakimu, ½, ndogo, kama tunavyoandika wote.

Sasa kulikuwa na mama ambaye hakufika, mwanae alikuwa na miezi 4 na ameanza kuharisha. Jirani yake akamtumia picha. Yule jirani alikuwa amekaa viti vya upande wa kulia wa chumba, akapiga pale pale alipokaa. Dirisha kubwa liko kushoto. Mama akafungua picha, akatafuta "chini ya miezi 6", akatembeza macho kwenda kulia, akaona "kidonge 1". Nashukuru alinipigia kabla hajampa, akasema, "Nesi, mbona dada wa duka la dawa kaniambia kitu kingine?" Nikamwambia nitumie hiyo picha. Nilipoiona nikaelewa kila kitu, na hakuna aliyeandika vibaya. Ubao ulikuwa sahihi. Picha ndiyo ilikuwa imebadilisha dozi, nusu ikawa nzima, yaani mara mbili ya inayotakiwa kwa mtoto wa umri ule. Zinki inajulikana kwa kutapisha, na mtoto anayeharisha kisha akatapika ndiye huyo anayekaukiwa maji haraka.

Vitu viwili vilifanya hivyo, na vyote utavikuta kwenye picha yako ukiangalia.

Kwanza ni mng'ao. Ubao mweupe ni laini kama sahani ya udongo iliyooshwa, kwa hiyo mwanga unaugonga na kuruka kama mpira unavyoruka ukutani: ukija kutoka kushoto, unaondoka kuelekea kulia, kwa pembe ile ile. Dirisha liko kushoto, jirani kakaa kulia, basi mwanga wote wa dirisha ulikuwa unatua machoni kwake na kwenye simu yake. Aliyekaa kushoto, upande wa dirisha, hakuona mng'ao wowote, ubao ule ule, saa ile ile. Hii ndiyo kanuni ya kushika: kama dirisha ndilo linalosumbua, simama upande wa dirisha. Wengi wanafanya kinyume, wanakimbilia upande wa pili wakidhani wanalikwepa, kumbe wanaufuata mwanga unakokwenda.

Kidimbwi cha mwanga kilitua mstari wa kwanza, safu ya zinki, juu ya ile ½ yenyewe. Kikaimeza.

Pili ni pembe. Ukipiga ubao kutoka upande wa kulia, upande wa kulia unakuwa karibu na simu, unaonekana mkubwa na mrefu. Upande wa kushoto uko mbali, unajikunja, unakuwa mdogo. Ubao ambao kwa kweli una kona nne zilizonyooka unageuka umbo la paa la banda, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi. Mistari ya juu ya jedwali inapanda kadiri inavyokuja karibu nawe. Kwa hiyo jicho likianza kushoto kwenye "chini ya miezi 6" na kwenda kulia moja kwa moja, kama tunavyosoma kawaida, halifiki kwenye mstari wake. Mstari wake umeshapanda juu. Linatua kwenye mstari wa pili. Na mstari wa pili umeandikwa kidonge 1, siku 10. Mama hakuona pengo lolote la kumshtua, aliona jibu lililokamilika. Mng'ao ulificha jibu sahihi, pembe ikamletea la jirani.

Ndiyo maana nasema picha inayosumbua sio ile mbovu kabisa. Ile mbovu kabisa utaomba nyingine. Inayosumbua ni ile inayosomeka nusu.

Sasa tupige picha vizuri. Subiri kikao kiishe na watu wainuke, usipige umekaa. Futa kioo cha kamera ya simu kwa pindo la khanga, maana simu zetu zimeshikwa na mikono yenye mafuta ya mtoto, na kioo chenye mafuta kinautawanya mwanga ukawa ukungu picha nzima. Zima flashi. Flashi mbele ya ubao mweupe inarudi kama ilivyotoka na kuacha doa jeupe katikati, tena ukisimama katikati vizuri ndiyo inarudi vizuri zaidi. Chumba kikiwa na giza, heri uwashe taa ya chumba au ufungue mlango kuliko flashi.

Halafu simama katikati ya ubao, simu iwe sawa na kimo cha katikati ya maandishi, isilale mbele wala nyuma. Rudi nyuma mpaka kona zote nne za ubao zionekane na nafasi kidogo pembeni. Usikate kona. Zitakufaa baadaye, nitakueleza. Kabla hujabonyeza, angalia kwenye kioo cha simu: kuna doa linang'aa? Sogea hatua moja kushoto, angalia. Hatua moja kulia, angalia. Utaona doa linatembea na wewe, maandishi yanabaki. Simama pale ambapo doa limetoka nje ya maandishi, hata kama sio katikati kabisa.

Doa likitoka kwenye taa ya darini, ile tyubu ndefu, kusogea kushoto na kulia hakusaidii sana. Hapo rudi nyuma na uinue simu juu, doa litapanda kuelekea ukingo wa juu wa ubao. Au mwombe nesi azime hiyo taa nusu dakika, mchana hakuna atakayelalamika. Na dirisha unaweza kulizuia: mama wawili washike khanga ya rangi nzito kati ya dirisha na ubao. Nimeona wanafanya hivyo wakicheka, lakini picha ikatoka safi kuliko zote zilizopigwa mwaka ule.

Kuna vyumba ambavyo huwezi kukwepa. Madirisha pande mbili, taa juu, viti vimejaa. Hapo usihangaike kutafuta picha moja kamilifu. Piga mbili. Moja ukiwa kushoto kidogo ya katikati, nyingine ukiwa kulia kidogo. Kwa kuwa doa linahama na wewe, kilichofichwa kwenye picha ya kwanza kitaonekana kwenye ya pili. Nyumbani unazisoma zote mbili pamoja. Na kama ubao ni mrefu, ongeza ya tatu: sogea karibu upige jedwali la dozi peke yake. Ile kubwa inakuonyesha mpangilio, ile ya karibu inakuonyesha tarakimu.

Jambo dogo lingine. Ubao mweupe unaidanganya kamera, inadhani chumba kina mwanga mwingi, inaipunguza picha mpaka ubao unatoka wa kijivu. Gusa ubao kwenye kioo cha simu, simu nyingi zitakuletea alama ya jua, isukume juu kidogo tu. Ukizidisha, ule mwandiko wa maka peni iliyokwisha wino unapotea kabisa.

Haya, umeshapiga. Usitoke chumbani. Fungua picha, ikuze, soma kila namba kwa sauti ukiangalia ubao wenyewe. Dakika moja tu. Ubao ukishafutwa hakuna wa kumuuliza zaidi ya kumbukumbu za watu, na kumbukumbu za kina mama kumi zina dozi kumi. Kama kuna mahali ubao wenyewe umefifia, mwambie nesi aandike upya pale. Hatakasirika. Na ile ½ mwombe aiandike kwa neno, "nusu", maana neno likifunikwa herufi mbili bado utalijua, tarakimu ndogo ikifunikwa imekwenda.

Nikae kidogo hapa na jambo ambalo halihusu mwanga. Vituo vingi vina ubao mwingine, ule wenye majina ya watoto, uzito, nani hajarudi kliniki, wakati mwingine na alama ambazo sisi manesi tunazielewa na wewe pia unaweza kuzielewa. Huo usiupige. Ukitokea nyuma ya picha yako, ukate kabla hujatuma. Mtoto wa mwenzio asijulikane hali yake kwenye grupu la watu mia mbili. Na hata ule wa mafunzo, uliza kwanza, "Nesi, naweza kupiga?" Ni adabu tu, na vituo vingine vina utaratibu wao.

Sasa tuseme picha umeletewa, hukuipiga wewe, na imelala. Unaweza kuinyoosha. Simu nyingi zina sehemu ya kuskani karatasi. Kwenye aifoni iko ndani ya Notes, imeandikwa Scan Documents. Kwenye Android, programu ya Google Drive ina kitufe cha Scan. Ukiwa bado mbele ya ubao, skani moja kwa moja badala ya kupiga picha ya kawaida, itakuwekea fremu uisogeze kwenye kona nne za ubao. Hapo ndipo zile kona nilizosema usikate zinapofanya kazi: programu inajua kwamba zile kona nne kwa kweli ni za mstatili, basi inavuta upande uliojikunja mpaka mistari inyooke. Kama programu yako inakubali picha ya zamani, utafanya hivyo hivyo, unavuta kila kona mpaka ikae juu ya kona ya ubao.

Lakini ujue mipaka yake. Kunyoosha hakuongezi kitu ambacho kamera haikukiona. Ule upande wa mbali herufi zilikuwa ndogo, zikivutwa zinakuwa kubwa na zenye ukungu, kama kuvuta unga wa chapati, unatanuka ila hauongezeki. Utazijua: 3 na 8 zinafanana, 1 na 7 zinafanana. Zikifanana, usichague moja. Omba picha ya mtu mwingine aliyekaa upande ule.

Mng'ao nao una kipimo chake. Fungua sehemu ya kurekebisha picha, punguza mwangaza taratibu. Kama maandishi yanaanza kujitokeza ndani ya doa, basi hayakupotea, yalizidiwa tu, punguza mpaka usome. Kama doa linageuka kijivu tupu, laini, bila hata kivuli cha mstari, hapo hakuna kitu. Hakuna programu itakayorudisha kilichokuwepo, na ikikuletea kitu, imebuni. Picha ya yule jirani niliipima hivyo. Pale penye ½ palitoka kijivu tupu.

Na kabla ya kulaumu picha, omba iliyopo kwenye simu ya aliyepiga. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana ili iwe nyepesi, na maandishi madogo ndiyo yanaumia. Aliyepiga achague HD anapotuma, au aitume kama Document, itafika kama ilivyo. Ikishapita kwenye magrupu kadhaa, usiiamini kwa namba.

Tukimaliza hapo, tunageuza picha kuwa maandishi, na hapa ndipo kina mama wengi wanaishia njiani. Picha inakaa kwenye simu katikati ya picha za send-off na skrini za M-Pesa, na siku mtoto anaharisha saa nane usiku, chaji asilimia nne, huipati. Iandike siku hiyo hiyo, ukiwa bado unakumbuka nesi alisema nini. Daftari la shule la mtoto linatosha, au nyuma ya kadi ya kliniki kama kuna nafasi isiyo ya kumbukumbu za kituo.

Usinakili jedwali lote. Jedwali lina watoto wa umri wote, wewe una wako. Anza na tarehe na kichwa cha kikao, halafu tafuta mstari wako. Hapa weka rula au ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu, ukiulaza kufuata mstari wenyewe ulivyolala, sio ulivyonyooka mkono wako. Kama mstari unapanda, karatasi nayo ipande. Hilo peke yake lingemtosha yule mama kuona kwamba mstari wake unaishia kwenye doa jeupe, haufiki kwenye kidonge 1.

Kisha andika kwa sentensi kamili, sio kwa vifupisho vya ubaoni. Ubao umeandikwa kwa watu waliokuwepo. Daftari linasomwa na baba, dada wa kazi, au bibi aliyeachiwa mtoto. Yule mama, baada ya kuzungumza, niliandika naye kwa simu hivi: "Tarehe fulani. Mtoto ana miezi 4. Akiharisha: zinki ya miligramu 20, nusu kidonge, mara moja kwa siku, siku 10 hata kama ameacha kuharisha. Iyeyushe kwenye kijiko kwa maziwa ya mama au maji safi na salama. ORS: pakiti moja, maji lita moja. Kila akiharisha, robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo kwa kijiko. Endelea kunyonyesha. Kliniki haraka akiwa na damu kwenye choo, macho yamezama, analegea, au hawezi kunyonya." Zile dalili za mwisho zilikuwa kwenye kona ya chini kushoto ya ubao, upande wa mbali kabisa, na kwenye picha zilikuwa kama mchwa wametembea. Nilizijua kwa sababu nazijua. Mtu mwingine angeziacha.

Mahali ambapo husomi, acha wazi na uweke alama ya kuuliza kubwa. Usijaze kwa kufananisha na mstari wa chini, wala kwa kumbuka ya mtoto wa kwanza, alikuwa na umri na uzito mwingine. Alama ya kuuliza inakulazimisha kupiga simu. Ukijaza, hakuna kitakachokukumbusha kwamba ulibahatisha.

Halafu msomee mtu mwingine aliyekuwa kikaoni, namba tu: nusu, moja kwa siku, kumi, lita moja. Yeye aangalie picha yake, sio yako. Mkiangalia picha moja mtakosea pamoja. Yule mama alimpigia mwenzie aliyekaa upande wa dirisha, akatumiwa picha yake. Ile ½ ilikuwepo pale, nyeusi kabisa, na doa lolote halikuonekana. Alimaliza vidonge vitano kwa siku kumi, mtoto akaacha kuharisha siku ya tatu, akaendelea na dozi kama ilivyoandikwa.

Kesho mnitumie picha za ubao wa kikao cha chanjo cha wiki hii, hata zile mbaya. Nitaziandika mstari kwa mstari kwenye maoni, na penye alama ya kuuliza nitaweka alama ya kuuliza.